Kulia au kushoto? Kutembea na kuvuka barabara ya Likoni–Ukunda

*"Naishi Shika Adabu, Likoni, upande wa bara wa barabara ya kwenda Ukunda. Kila asubuhi saa kumi na mbili kasorobo, bado kiza, nampeleka mwanangu wa gredi ya pili shule, kama kilomita moja hivi kuelekea Ukunda, upande wa baharini. Njia ya miguu hakuna. Mume wangu asema tushike kushoto kama magari, mama mkwe asema kulia. Njiani kuna kalvati jembamba, halafu bampu mbele ya zahanati, halafu kona ya kulia yenye mwembe mkubwa, na baada ya kona tu ndipo geti la shule na steji ya matatu. Upande wa shule, kutoka kwenye bampu, kuna kijinjia nyuma ya minazi. Wengi huvukia pale mwembeni kwa sababu ni karibu na geti. Je, tushike upande gani, na tuvukie wapi?"*

Mama mkwe yuko sawa. Shikeni kulia, na mvukie kwenye bampu ya zahanati, si mwembeni wala stejini. Ila hilo la kulia lina mipaka yake, na katika njia yenu mipaka hiyo inaanza pale pale kwenye bampu, kwa hivyo nivumilie nikueleze sababu zake. Ukizijua sababu utaweza kuamua mwenyewe hata siku njia itakapobadilika.

Kenya magari hushika kushoto. Ukitembea kulia, magari yaliyo karibu nawe yanakuja uso kwa uso, unayaona. Ukitembea kushoto, yaliyo karibu nawe yanatoka mgongoni. Tofauti ni hiyo tu, lakini fikiria inakupa nini. Matatu au lori linalokwenda kilomita 80 kwa saa, ambayo ndiyo kasi ya juu kisheria kwa magari ya abiria na ya mizigo, linakula mita 22 kila sekunde. Ukiliona likiwa mita 200 mbele, una sekunde tisa za kulitazama: linayumba? Dereva anainamia simu? Linakwepa shimo na kuja pembeni? Sekunde mbili zinatosha kumvuta mtoto mkaingia majanini. Mgongo ukiwa kwa gari, hizo sekunde huna hata moja, maisha yenu yamebaki mikononi mwa dereva peke yake.

Mumeo anafikiria sheria ya vyombo. Baiskeli, tuktuk na mkokoteni ni vyombo vya barabarani, vinashika kushoto pamoja na magari. Mtu wa miguu si chombo.

Sasa kuna jambo ambalo wengi wanaoshika kulia hawaambiwi. Barabara yenu ni ya njia mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi, bila kizuizi katikati. Gari linalotoka nyuma yenu likitaka kulipita lori, linahamia kulia, yaani linakuja upande wenu, na linatoka mgongoni. Na dereva hupita lini? Anapoona mbele hakuna gari linalokuja. Kwa hiyo wakati ule ule ambao wewe unatazama mbele, unaona barabara nyeupe, unashusha pumzi na kulegeza mkono wa mtoto, ndio wakati wa kugeuza kichwa. Jizoeze hivi: mbele kukiwa na magari, macho mbele. Mbele kukiwa kutupu, tazama nyuma. Na ukisikia lori zito likikokota nyuma yenu, jua kuna mtu nyuma yake amechoka kusubiri.

Kukiwa na kiza kuna dalili nyingine nzuri sana, nayo ni kivuli chako. Gari likija kutoka nyuma likiwa kwenye upande wake wa kushoto, taa zake zinakupiga kutoka nyuma kwa kushoto. Kivuli chako kitaanza mbele yako, na kadiri gari linavyokaribia kitazidi kukimbilia kulia, majanini, mpaka kitoweke. Hilo gari halina shida nawe. Lakini ukiona kivuli kimesimama wima mbele yako, hakihami, kinazidi kukoza, basi taa ziko nyuma yako moja kwa moja. Kuna mtu anapita mwenzake na yuko upande wenu. Usigeuke kuhakikisha, toka kwanza. Mwanao wa gredi ya pili anaweza kujifunza hili kwa asubuhi moja, na watoto hulipenda kwa sababu kwao ni mchezo.

Baada ya upande, swali ni umbali. Binafsi ningeliweka hili juu ya swali la upande. Mtu anayetembea kulia huku kiatu chake kinakanyaga ukingo wa lami yuko hatarini kuliko anayetembea kushoto akiwa mita tatu ndani. Ukingo wa lami ndipo tairi za lori hukanyaga dereva anapopishana na mwenzake, na pale ambapo lami imemeguka, tairi ikishuka kwenye mchanga dereva hupigania usukani kuirudisha. Vioo vya pembeni vya malori na mabasi vinatokeza nje ya bodi, na makanga wa matatu huning'inia mlangoni. Mlango na makanga wote wako upande wa kushoto wa gari, yaani upande unaopita karibu nawe ukiwa umeshika kulia. Kwa hiyo nusu mita kutoka lami haitoshi. Shikeni mita moja na nusu kwa uchache, mbili ikiwezekana, na mtoto awe mkono wako wa kulia, mbali na lami. Mshike kwenye kifundo cha mkono, si vidole. Vidole huchomoka akishtuka, na trela likipita kwa kasi upepo wake peke yake humshtua mtoto.

Kwenye kalvati nafasi hiyo hamtaipata, kwa sababu kingo zake zinawabana mpaka lamini. Hapo usipite kwa mazoea. Simameni kabla ya kuingia, mkiwa bado mko pana, na tazama pande zote mbili. Subirini mpaka pasiwe na gari linalokaribia kutoka mbele wala nyuma, kisha mpite mmoja nyuma ya mwenzake, mtoto mbele yako ili umwone, bila kusimama katikati. Likitokea gari mkiwa ndani na unaona halitawakuta mmetoka, ni afadhali mrudi nyuma hatua tatu kuliko kukimbilia mbele hatua kumi. Siku za mvua za masika, dimbwi lililojaa pembeni ni sawa na kalvati. Linakutoa majanini na kukuleta lamini, kwa hiyo lipite kwa utaratibu ule ule.

Jambo la tatu la kuangalia kabla ya kuvuka ni kama mnaonekana. Saa kumi na mbili kasorobo Mombasa bado jua halijachomoza, na wanawake wengi wa kwetu hutoka na buibui jeusi. Taa za gari zikiwa dim zinaangaza vizuri kama mita 40 hadi 60 mbele. Nguo nyeusi haiakisi mwanga, kwa hiyo dereva anaweza kukuona ukiwa umbali mdogo zaidi ya huo. Gari dogo linalokwenda kilomita 80 kwa saa, lami ikiwa kavu, linahitaji kama mita 60 hadi 70 kusimama kabisa, ukihesabu na ule muda wa dereva kushtuka na kukanyaga breki. Lori lililojaa linahitaji zaidi, na lami ikiwa na maji zaidi tena. Piga hesabu utaona kwamba hata dereva mzuri, aliye macho na asiye mlevi, hana nafasi ya kukukwepa. Ndiyo maana nasema usipange safari yako kwa kutegemea kwamba atasimama.

Tiba yake ni rahisi. Reflekta kama zile wanazovaa watu wa bodaboda huonekana zaidi ya mita 100 taa zikiipiga. Wewe vaa juu ya buibui, na begi la mtoto lishonee utepe wa reflekta nyuma na kwenye mikanda ya mbele. Kama reflekta haijapatikana, jitupie leso nyeupe au ya rangi ya maziwa mabegani. Haifikii reflekta, lakini inashinda nyeusi mara nyingi. Tochi ya simu imulike chini, mbele ya miguu yenu. Mwanga unaotikisika na hatua hutambulika haraka kuwa ni mtu. Usimmulike dereva usoni, utampofusha wakati ule ule unaotaka akuone.

Sasa tufike kwenye kuvuka, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kuvuka ndiko kwenye hatari kubwa kuliko kutembea kandokando. Unapotembea pembeni, gari linakupata likitoka njiani mwake. Unapovuka, wewe ndiye uliyeingia njiani mwake.

Pale mwembeni watu huvuka kwa sababu ni karibu na geti. Tazama hesabu yake. Kona yenyewe inapinda kulia mkienda shule, na mwembe uko ndani ya kona. Anayetoka Ukunda hawezi kuona nyuma ya ule mwembe, nawe huwezi kumwona. Upana wa barabara ya aina hii ni kama mita saba za lami. Ongeza mita moja kila upande, kwa sababu hamwanzi mkiwa juu ya ukingo na hamko salama mpaka mmeuacha. Hizo ni mita tisa. Mtoto wa miaka saba au minane akitembea kawaida huenda kama mita moja kwa sekunde, kwa hiyo mnahitaji sekunde tisa. Kwa kasi ya 80, gari linasafiri mita 200 katika sekunde tisa. Kwa kasi ya 100, ambayo gari dogo linaweza kuwa nayo asubuhi barabara ikiwa wazi, linasafiri mita 250. Kama pale mwembeni unaona mita 80 tu mbele, basi gari linaweza kutokea konani mkiwa bado njia ya kwanza na likawafikia kabla hamjamaliza ya pili. Hata mkitazama kwa makini namna gani, jicho haliwezi kuona kilicho nyuma ya mti.

Ndani ya kona hiyo hiyo hapafai hata kutembea. Ile faida ya kulia, ya kuyaona magari yakija, imekufa hapo, kwa sababu gari linatokea likiwa tayari limefika, na madereva hupenda kukata kona kwa ndani. Kanuni ni kwamba kona ikipinda kulia na imezibwa, mtu wa miguu ahame upande wa kushoto mapema, pale barabara ikiwa bado imenyooka. Bahati yenu ni kwamba shule iko huko huko kushoto, kwa hiyo mnavuka mara moja tu.

Upande wa nje wa kona nao una tatizo lake. Gari likishindwa kukata kona linatokea nje, na huko ndiko mtakakokuwa mkitembea, tena mgongo ukiwa kwa magari. Kama kungekuwa na kipande chembamba tu cha mchanga, ningesita. Lakini umesema kuna kijinjia nyuma ya minazi. Nendeni huko huko, minazi ikiwa kati yenu na lami. Mkiwa mita tatu au nne ndani na shina la mnazi uliokomaa katikati, upande wa kulia au kushoto hauna maana tena. Msitoke kwenye kijinjia hicho hata kama kina matope na lami imenyooka vizuri pembeni.

Stejini je? Matatu iliyosimama ni ukuta. Ukivuka mbele yake, huoni gari linalotoka nyuma kulipita, na dereva wa gari hilo hakuoni wewe mpaka umetokeza kifua. Ukivuka nyuma yake unayaona hayo, lakini matatu inakuficha magari yanayotoka upande wa pili. Namna zote mbili kuna njia moja huioni. Atakayelazimika kuvuka stejini asubiri matatu iondoke, au atembee hatua thelathini hivi kuiacha, ndipo avuke. Kwenu halilazimu. Na lori lililoegeshwa pembeni lihesabu vivyo hivyo. Zaidi ya hayo, dereva wa trela ameketi juu na kulia, na mtoto aliye karibu kabisa mbele ya boneti ya lori au kwenye kona yake ya kushoto haonekani kwake. Usipite hapo mbele hata kama lori limesimama foleni na linaonekana halina haraka.

Inabaki bampu. Faida yake ni kwamba magari ya pande zote mbili yanalazimika kupunguza pale pale. Gari likishuka mpaka kilomita 30 kwa saa linakula kama mita nane tu kwa sekunde, na hata mambo yakiharibika, kugongwa kwa kasi ya 30 na kugongwa kwa 80 si kitu kimoja. Rangi ya pundamilia peke yake, bila bampu, singeitegemea kwenye barabara kuu. Sheria inakupa haki ya kupita, lakini rangi haisimamishi lori. Bampu inasimamisha, au angalau inamfanya dereva aogope springi zake.

Lakini bampu nayo ina wajanja wake. Bodaboda hawapunguzi. Wanapita pembeni, mahali bampu inapoishia, wengine wanashuka kabisa mpaka kwenye mchanga, na hapo ndipo watu husimama kusubiri kuvuka. Simameni mita mbili au tatu nyuma ya ukingo wa lami, na kabla ya kuikanyaga lami tazama pembeni pia, huku na huku, si barabarani tu. Baadhi ya pikipiki pia huja kinyume cha magari zikiwa pembeni. Jingine, lori likitambaa juu ya bampu, gari dogo la nyuma huona hiyo ndiyo nafasi ya kulipita. Kwa hiyo lori likipunguza usivuke mbele yake. Liache lipite, na la nyuma yake lionekane.

Ikitokea dereva mmoja akasimama na kukupungia mkono, mshukuru lakini usikimbie. Yeye amesimama, barabara haijasimama. Dereva wa nyuma hajui kwa nini mwenzake amesimama. Na dereva anayekupigia fulu usimchukulie kuwa anakuruhusu. Wengine kwa fulu wanasema pita, wengine wanasema napita mimi, na huwezi kujua ni yupi mpaka iwe umechelewa.

Swali la mwisho la kuvuka ni kujua nafasi inatosha lini. Hapa usitegemee jicho, hasa gizani. Taa mbili za gari zilizo mbali hazikuambii kasi, taa moja yaweza kuwa pikipiki au gari lililoungua taa, na pikipiki mbili zikienda sambamba zinafanana na gari moja. Mtoto mdogo ndiye kabisa. Anaweza kukwambia gari liko mbali au karibu, lakini kulikadiria litafika baada ya muda gani bado hana uwezo huo. Badala ya jicho, tumia alama.

Fanya hivi Jumapili asubuhi, barabara ikiwa wazi na magari yakiwa na mwendo mkali. Simama kwenye bampu, salama, ndani ya ukingo. Upande wa Likoni tafuta kitu kisichohama, tuseme nguzo ya umeme au bango, kilicho mbali lakini unachokiona vizuri. Washa saa ya kuhesabu sekunde kwenye simu gari likipita alama hiyo, izime likifika usawa wako. Rudia kwa magari kama kumi, na pikipiki zisikose. Kisha chukua muda mfupi kuliko wote, si wastani. Wastani ni wa magari ambayo hayatakuua. Mlihitaji sekunde tisa za kuvuka. Ongeza tatu za dharura, kwa sababu ndala itachomoka siku moja au kitabu kitaanguka, zinakuwa kumi na mbili. Kama chombo chenye mbio kuliko vyote kilichukua sekunde kumi na mbili au zaidi kutoka alamani mpaka kwako, alama hiyo inafaa. Kama kilichukua nane, chagua alama ya mbali zaidi upime tena. Nadhani utakuta aliyekuja kwa sekunde chache zaidi ni mtu wa boda, sababu yeye hakupunguza kwenye bampu.

Fanya vivyo hivyo upande wa Ukunda. Ukimaliza una alama mbili, na kanuni inakuwa nyepesi hata kwa mtoto: chochote kilicho ndani ya alama, hatuvuki. Tunatazama kulia, kushoto, kisha kulia tena, kwa sababu njia ya kwanza mtakayoikanyaga huleta magari kutoka kulia. Pakiwa patupu, tunavuka moja kwa moja, kwa hatua za kawaida, bila kukimbia na bila kwenda mshazari. Anayekwenda mshazari kuelekea getini anaongeza mita za lami na kugeuzia mgongo njia moja. Na kama siku moja kutoka kwenye bampu huwezi kuona alama zote mbili, kwa ajili ya ukungu wa mvua au trela lililoegeshwa, basi sogea mpaka uzione, au subiri.

Mchana kurudi, mambo yanageuka. Kulia kwenu sasa ni upande wa baharini. Kutoka getini mpaka bampu mtakuwa nyuma ya minazi na magari mnayatazama, vizuri kabisa. Mvuke kwenye bampu. Kutoka hapo mpaka nyumbani mtakuwa upande wa bara, yaani kushoto, mgongo kwa magari, na pengine mumeo atacheka kwamba ameshinda. Ungeweza kuendelea upande wa baharini na kuvuka mkabala na nyumbani, uso kwa magari mpaka mwisho. Mimi singefanya hivyo. Hapo hakuna bampu, magari yako kwenye mwendo wake wote, na nimekwisha sema kuvuka ni hatari kuliko kutembea. Mkono wa kushoto kwa kipande hicho, mita mbili ndani, mchana, ni bei ndogo ya kununua mahali pazuri pa kuvukia. Kitu kimoja tu kinabadilika: kwenye kalvati lazima ugeuke kabisa utazame nyuma kabla ya kuingia, na mtoto sasa awe mkono wako wa kushoto.

Barabara hiyo iko chini ya mamlaka ya barabara kuu, KeNHA. Mkuu wa shule akiandika kuomba kivuko na bampu ya pili kabla ya kona, barua iwe na idadi ya watoto wanaovuka, saa wanazovuka, na picha ya mwembe iliyopigwa kutoka usawa wa macho ya mtoto, si ya mtu mzima. Picha hiyo huonyesha mambo ambayo aya tatu za malalamiko haziwezi.

Utakuja kujiuliza lini mwanao aweze kwenda na wenzake bila wewe. Kabla ya miaka kumi hivi nisingemwacha avuke barabara hiyo bila mkubwa, na hata baada ya hapo umri peke yake hautoshi, mjaribu. Mkifika kwenye bampu, mwambie leo yeye ndiye atakayesema "twende". Wewe nyamaza, tazama alama zako, na umshike mkono ili asivuke kweli ukiona amekosea. Hesabu mara anazosema twende huku chombo kiko ndani ya alama, boda za pembeni zikiwemo. Akimaliza wiki mbili za shule bila kukosea hata mara moja, na anageuza kichwa kutazama pembeni kabla hujamkumbusha, hapo mnaweza kuanza kulizungumza na mumeo na mama mkwe.